Tundu la Tone na Chamfa: Namna ya Kuchora Kipande Kisihitaji Sapoti Hata Kidogo

Picha zinazonifikia siku hizi zinafanana wakuu. Mtu kachora braketi, tundu la shafti linapita kwa mlalo, kaprinti kwa printa ya 3D, na juu ya tundu plastiki imelegea imening'inia mpaka shafti haipiti. Au kaogopa hilo akawasha sapoti, zile nguzo za muda za kubeba plastiki isianguke, zikamjazia tundu zima, sasa anachokonoa na bisibisi na ukuta umeshapasuka. Wengine wameshasikia habari ya tundu la tone, yani tundu la duara lenye ncha juu kama tone la maji, wakalichora, na bado limewagomea, na hao ndio wamenifanya nikae niandike hii.

Tutatumia kipande kimoja mwanzo mpaka mwisho: braketi ya kushikia shafti ya milimita 8 ya chekeche la mkono la kuchambua korosho. Kina tundu la mlalo, na juu kina mdomo unaotokeza mbele milimita 10 kuzuia vumbi la maganda lisimwagikie shafti. Yani kina matatizo yote mawili kwa mpigo. Ukiweza hiki, vingine vyote ni kubadilisha namba tu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Printa ya filamenti yenye nozo ya 0.4
- Filamenti ya PETG iliyokauka (PLA inaprintika vizuri zaidi kwenye sehemu zinazoning'inia, ila inaanza kulainika kwenye joto la karibu digrii 60, na mashine ikiachwa juani huku Mtwara au nyuma ya pikapu kwenda Newala, hapo hupati braketi unapata uji)
- OpenSCAD kwenye kompyuta, ni ya bure na haihitaji kompyuta yenye nguvu
- Slaisa, ile programu inayokata mchoro kuwa leya za kuprinti, iwe Cura au PrusaSlicer
- Kalipa ya kupimia, hata ya bei rahisi
- Kipande cha shafti yenyewe, au biti ya drili ya milimita 8, utaigeuza utumie ule mkia wake laini kupimia tundu

## Hatua ya 1: Amua kipande kitasimamaje kwenye printa kabla hujachora chochote

Hapa ndipo wengi wanapofelia na wanadhani kosa liko mbele. Ncha ya tone lazima ielekee juu wakati wa kuprinti. Haijalishi braketi itafungwaje kwenye mashine, hata kama itafungwa kichwa chini au ubavuni, ncha inafuata juu ya printa. Mtu anachora vizuri kabisa ncha ikiangalia juu kama braketi itakavyokaa kwenye chekeche, halafu anafika kwenye slaisa anabonyeza kitufe cha kujipanga chenyewe, kipande kinageuzwa, ncha inaangalia pembeni, na sasa ana tundu bovu kuliko lile la duara aliloanza nalo.

Kwa hiyo jiulize kwanza: je kipande kinaweza kulazwa ili tundu lisimame wima? Kikiweza, kilaze, achana na mambo ya tone, tundu la wima linatoka duara safi bila ujanja wowote. Braketi yetu haiwezi. Ina bapa la chini la 60 kwa 30, na ukuta unaosimama katikati yake, upana 30. Ukiilaza ubavu, bapa ndilo litakalogusa bedi na ukuta utabaki hewani. Ukiilaza mgongo ni vilevile. Basi inasimama kwa bapa lake, tundu linabaki mlalo, hatuna njia nyingine.

Utajua umefaulu: unaweza kusema kwa kidole "huu upande ndio utagusa bedi", na hutabadilisha tena mpaka mwisho.

## Hatua ya 2: Elewa kwa nini digrii 45, la sivyo utabaki kukariri

Printa inaweka leya juu ya leya kama fundi anavyopanga tofali, na tofali inaweza kutokeza nje kidogo bila kuanguka ilimradi zaidi ya nusu yake imekalia ile ya chini. Ndio hesabu yote.

Nozo ya 0.4 inatoa mstari wenye upana wa kama 0.45. Ukiprinti leya ya 0.2 kwenye mteremko wa digrii 45, kila leya inatokeza 0.2 kupita iliyo chini yake, kwa hiyo 0.25 ya mstari imekalia kitu, ni zaidi ya nusu, inashika. Mteremko ukilala zaidi, ukawa digrii 60 kutoka wima, kila leya inatokeza kama 0.35, inabaki 0.1 tu ya kukalia. Baadhi ya printa zitaweza, nyingi zitakunja kingo.

Na angalia hili ambalo watu hawalitegemei: ukiongeza unene wa leya kuwa 0.3 ili kazi iishe haraka, ile digrii 45 salama inatokeza 0.3 kila leya na inabaki 0.15. Mchoro ni uleule, umeharibiwa na leya nene. Kwa vipande hivi kaa kwenye 0.2.

Sasa tundu la duara. Chukua tundu la kipenyo 8.4. Pembeni kuta zake zimesimama wima, hakuna shida. Ukipanda juu zinainama zaidi na zaidi, na kwenye leya ya mwisho kabla ya kufunga, ukuta unatakiwa utokeze kama 0.5 kwa leya moja, wakati mstari mzima ni 0.45. Yani mstari unawekwa hewani kabisa. Kibaya zaidi mstari huo unakimbia kufuata urefu wa tundu, milimita 12 zote za unene wa ukuta, haujashikwa popote katikati. Lazima ushuke, hata feni ikipuliza vipi.

## Hatua ya 3: Chora tone, halafu likate ncha

Tone ni duara lilelile, ila pale juu kuta zinapofika digrii 45 haziendelei kuinama, zinanyooka moja kwa moja mpaka zikutane kwenye ncha. Ncha inakaa juu ya kitovu kwa nusu kipenyo mara 1.414. Robo tatu ya duara inabaki kama ilivyo, kwa hiyo shafti bado inashikwa chini na pembeni.

Kwenye OpenSCAD kuna njia fupi nzuri sana: chukua mraba ambao upande wake ni sawa na nusu kipenyo, uzungushe digrii 45 kona yake moja ikiwa kwenye kitovu cha duara. Kona za pembeni zinaangukia palepale tangenti inapogusa, na kona ya juu ndiyo ncha. Huhitaji hesabu yoyote.

```
module tone(d, urefu, nyongeza=0.2) {
  r = d/2;
  rotate([90,0,0])
    linear_extrude(height=urefu, center=true)
      intersection() {
        union() {
          circle(r=r, $fn=64);
          rotate(45) square(r);
        }
        translate([-d,-d]) square([2*d, d+r+nyongeza]);
      }
}
```

Ule mraba mkubwa wa mwisho ndio unaokata ncha. Kwa nini tuikate wakati inaprintika? Kwanza ncha kali ni mahali ufa unapopenda kuanzia, na mashine ya korosho inatetema siku nzima. Pili inakula nyama ya juu bure. Tukiikata, juu panabaki bapa dogo, na bapa hilo printa inalipita kama daraja: mstari unaanzia ukingo huu unaishia ukingo ule. Kwa tundu letu daraja hilo ni kama milimita 3.1 tu, hiyo printa yoyote inavuka.

`nyongeza=0.2` maana yake tumekata leya moja juu ya pale duara lingeishia. Daraja lolote linashuka kidogo likipoa, kwa hiyo tunaliachia nafasi ya kushuka bila kugusa shafti. Usiiweke sifuri, watu wengi wanaosema "tone langu linabana juu" wamekata sawasawa na duara.

Na kipenyo ni 8.4 wala sio 8. Matundu ya mlalo yanatoka madogo kuliko yalivyochorwa, hiyo 0.4 ni ya kuanzia na utairekebisha kwenye hatua ya 6.

Kwa wanaotumia FreeCAD: kwenye skechi chora duara, chora mistari miwili kila mmoja ukiwa tangenti ya duara na wenye digrii 45, weka mstari wa mlalo juu kwa umbali wa nusu kipenyo jumlisha 0.2 kutoka kitovu, halafu futa tao la ndani lililobaki kati ya tangenti mbili. Umbo ni lilelile.

Ukubwa una mipaka yake. Tundu la skrubu ya M3 usihangaike, chora duara upitishe biti ya drili baadaye. Tundu la bomba la milimita 40 ukilikata sawasawa na duara linakuwa na daraja la kama milimita 16.6, bado linawezekana ila filamenti lazima iwe kavu. Ukiona linashuka sana ongeza `nyongeza`, kadiri unavyokata juu zaidi ndivyo daraja linavyofupika.

Onyo: shafti inayovutwa kwenda juu, tuseme na mkanda unaotoka kwenye mota iliyo juu yake, haitapata cha kuegemea pale kwenye tone, inagusa kuta mbili za mteremko tu na itazila. Hapo weka bushi, au geuza braketi ili mvuto uelekee chini. Chekeche letu uzito wake unalalia chini, hatuna wasiwasi.

## Hatua ya 4: Mdomo na chamfa yake

Mdomo unatokeza milimita 10 na chini yake hakuna kitu. Watu wanaona tone limefanya daraja wanadhani hata hapa litafanya. Halitafanya wakuu. Daraja linahitaji ukingo pande zote mbili, na mdomo una upande mmoja tu, ule wa ukuta, upande wa pili ni hewa. Printa itamwaga tambi.

Dawa ni chamfa: mteremko wa digrii 45 unaoanzia kwenye ukuta na kuishia kwenye ncha ya mdomo. Kwa digrii 45 kanuni ni nyepesi, ukitokeza milimita 10 unahitaji milimita 10 za kwenda chini. Mdomo wetu sehemu yake ya chini iko kwenye kimo cha 46, kwa hiyo chamfa inaanzia kimo cha 36.

Kwa nini 46 na sio chini zaidi? Kitovu cha tundu kiko kwenye kimo cha 30, shafti inapanda mpaka 34. Mdomo ungekaa kwenye 40, chamfa ingeanzia 30 na ingekuja kuziba njia ya shafti mbele ya tundu. Chamfa inakula nafasi, na nafasi hiyo lazima uipange mapema, ukishachora kila kitu halafu ndio ukumbuke chamfa utajikuta unahamisha tundu na kila kilichofungwa nalo.

Mtu ataniuliza kwa nini tusiweke mviringo badala ya chamfa, maana unapendeza. Mviringo wa ndani chini ya mdomo unaanza wima vizuri kwenye ukuta, halafu unavyokaribia ncha unalala mpaka unakuwa mlalo kabisa, kwa hiyo milimita za mwisho ni zilezile tulizokuwa tunazikimbia. Kingo za chini zinazogusa bedi ni kinyume chake ila msiba ni mmoja: ukiziviringisha, leya ya kwanza kabisa inaanza karibu na mlalo. Mviringo weka kwenye kona za wima, huko hauna madhara. Kila kinachoangalia chini kipe chamfa.

Namna rahisi ya kuichora ni kuchora ubavu wote wa ukuta kama poligoni moja, chamfa ikiwemo humohumo, halafu unauvuta upana wa 30. Ukibandika chamfa kama kipande cha pembeni baadaye, mara nyingi inabaki nafasi nyembamba kama karatasi kati ya vipande viwili na slaisa inachanganyikiwa.

## Hatua ya 5: Unganisha braketi nzima

Weka hii chini ya ile moduli ya tone kwenye faili hilohilo:

```
difference() {
  union() {
    translate([-30,-9,0]) cube([60,30,6]);
    rotate([90,0,90])
      linear_extrude(height=30, center=true)
        polygon([[0,0],[12,0],[12,36],
                 [22,46],[22,52],[0,52]]);
  }
  translate([0,6,30]) tone(8.4, 40);
  for (x=[-23,23])
    translate([x,6,-1]) cylinder(d=5.4, h=8, $fn=32);
}
```

Soma poligoni taratibu: `[12,36]` ndipo chamfa inapoanza, `[22,46]` ndipo inapoisha. Namba zote mbili zimeongezeka 10, hiyo ndiyo digrii 45. Ukitaka mdomo wa 8, zote ziongezeke 8.

Bonyeza F6 usubiri, kisha toa STL. Zungusha mchoro uuangalie kwa mbele: bapa dogo la tone liwe juu. Likiwa chini au pembeni, umekosea kwenye `rotate`.

Kitu kidogo chenye faida: bapa la tone linaangukia kwenye kimo cha 34.4, na 34.4 inagawanyika kwa 0.2 bila baki. Leya ya kwanza nayo ikiwa 0.2, daraja linaanzia kwenye mpaka wa leya sawasawa. Ukihamisha tundu, jaribu kulinda hilo.

## Hatua ya 6: Slaisa, na lile jaribio dogo

Zima sapoti. Zima kabisa, usiseme "niiache yenyewe iamue". Mteremko wetu uko digrii 45 juu ya mstari, na slaisa ikizungusha namba kidogo inaweza kuamua inaujazia sapoti, ukarudi kulekule kwenye bisibisi.

Kama una sababu ya kuiacha kwa ajili ya kipande kingine kwenye bedi hiyohiyo, jua kwamba slaisa hizi hazipimi pembe kutoka sehemu moja. Cura kwenye `Support Overhang Angle` inapima kutoka wima, ukipandisha namba sapoti zinapungua. PrusaSlicer kwenye `Overhang threshold` inapima kutoka mlalo, ukipandisha namba sapoti zinaongezeka. Kwenye 45 zinakutana ndio maana hakuna anayegundua, mpaka siku anaambiwa na mwenzake "weka 60" na mwenzake anatumia ile nyingine.

Halafu fungua onyesho la leya, panda mpaka pale tone linapofungwa. Mistari ya daraja inatakiwa ikatize tundu kwa upana, ile njia fupi ya milimita 3, isifuate urefu wa milimita 12. Ukiona inafuata urefu, lazimisha pembe ya daraja kwenye mipangilio. Spidi ya kuta zinazoning'inia ishushe mpaka kama milimita 20 kwa sekunde. Feni kwa PLA iwe yote, kwa PETG anza na asilimia 40 kwa kawaida na uiongeze kwenye madaraja.

Sasa kabla hujachoma saa nzima na zaidi za umeme, printi kipande hiki kidogo, ni tundu lilelile ndani ya boksi, unaiweka badala ya braketi:

```
difference() {
  translate([-8,-6,0]) cube([16,12,18]);
  translate([0,0,8]) tone(8.4, 40);
}
```

Kikipoa ingiza mkia wa biti ya milimita 8. Ukiingia kwa kusukuma na kidole na hauchezi, umemaliza. Ukikataa, angalia unabanwa wapi. Unabanwa kote? Ongeza `d` iwe 8.5 au 8.6. Unabanwa juu tu? Acha `d`, ongeza `nyongeza` iwe 0.4. Usitibu moja kwa dawa ya nyingine, ukiongeza kipenyo kwa sababu daraja limeshuka shafti itagongagonga pembeni.

## Hatua ya 7: Printi, na namna ya kusoma kinachoharibika

Kaa karibu printa ikifika kimo cha 34 na tena ikiwa kwenye 36 mpaka 46. Sehemu nyingine acha ifanye kazi yake.

Kingo za chamfa zinajikunja kwenda juu, na unasikia nozo inagonga tik tik ikipita. Plastiki haipoi kwa wakati. Shusha joto la nozo digrii 5 mpaka 10, ongeza feni, na ukiwa unaprinti braketi moja tu weka mbili kwa pamoja, kila leya itapata muda wa kupoa wakati nozo iko kwa mwenzake.

Chini ya chamfa ni pabaya upande mmoja, pazuri upande mwingine. Kosa sio la mchoro, ni upepo wa feni, printa nyingi zinapuliza upande mmoja tu. Geuza kipande kwenye bedi ili mdomo uelekee feni. Kukigeuza kwa kuzunguka palepale kwenye bedi hakuharibu ncha ya tone, kinachoiharibu ni kukilaza.

Daraja lina manyoya na vipovu, na nozo inatoa mlio wa kuchemka. Filamenti imekunywa maji. Hili kwa sisi wa pwani, Mtwara Lindi Kilwa, ni la kila siku, roli ikikaa wazi mezani inavuta unyevu na hakuna mpangilio wa slaisa utakaoiponya. PETG ikaushe kwenye digrii 65 kwa saa kama 6, PLA isizidi 50, kisha iweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli. Oveni ya jikoni usiiamini kwa PLA, joto lake linaruka na roli linagandamana.

Tundu zuri, ila ukuta umekatika kwa mlalo ulipokaza boliti. Hapo kosa sio la tone. Leya zimeachana, na ukuta huu leya zake zimelala kukatiza mvuto. Ongeza kuta ziwe 4 au 5, panda joto kidogo, na kona kati ya ukuta na bapa iwekee chamfa ya kuimarisha ya milimita 5 kwa upande wa nyuma. Hiyo inaangalia juu, kwa hiyo haina shida yoyote ya kuprinti: kwenye poligoni, mwishoni mwa orodha baada ya `[0,52]`, ongeza `[0,11],[-5,6],[-5,0]`.